BAJIA ZA VIAZI: KWA NINI ZINALEGEA, NA JINSI YA KUZIKAZA



Katika somo hili nataka kueleza kazi moja ya jikoni ambayo sisi wafinalisti tuliifanya vibaya mara ya kwanza, kiisha tukaifanya vizuri mara ya pili. Wengi mlikula zile za mara ya pili. Zile za kwanza zilikula mbuzi wa jirani.

Habari ilikuwa hivi. Mwenzetu mmoja alikosa sehemu ya franka za kujiandikisha kwa egzame ya Leta, na majina yalikuwa yanakaribia kufungwa. Tukakusanya kidogo kidogo, tukanunua viazi vya kizungu, mafuta na unga wa dengu kutoka Butembo, juu ya kukaranga bajia na kuziuza siku ya soko hapa Luofu. Tulifikiri ni kazi rahisi: mtu anakata kiazi, anachovya, anatupa katika mafuta. Siku ile mama mmoja alinunua tano, akauma moja, akazirudisha. Akasema, “Batoto, hii ni viazi ya kuchemusha yenye ilivaa koti ya mvua.” Watu walicheka, na sisi tulirudi na beseni karibu imejaa.

Tulibaki na franka za kujaribu mara moja tu. Basi nilienda kumuuliza shangazi yangu, ambaye alikaranga bajia miaka mingi kando ya soko la Butembo. Nilimuuliza pia mwalimu wetu wa fizike. Kila mmoja alinipa nusu ya jibu, na nilipoziunganisha nusu mbili niliona kwamba jibu ni neno moja: maji. Kiazi kimejaa maji. Kazi yote ya bajia ni kuyatoa maji yale kwenye ganda la nje, kuyaacha yapike ndani, na kuyazuia yasirudi kwenye ganda baada ya kupika. Nitafuata njia hiyo, kutoka kisu mpaka mezani.

1. BAJIA NI KITU GANI

Wengine hapa wanaziita mabenye ya viazi, lakini si mabenye, kwa sababu hakuna chachu na hakuna unga wa ngano. Neno na chakula vililetwa Afrika ya Mashariki na Wahindi. Huko Zanzibar na pwani, ukisema bajia, watu wengi wanafikiri vidonge vya dengu au kunde zilizosagwa. Lakini Nairobi ukiomba bajia, mara nyingi utapewa vipande vya viazi, vimekatwa duara, vimevaa unga wa dengu wenye viungo, pamoja na mchuzi wa nyanya au wa ukwaju kando. Wahindi waliotoka Kenya walizipeleka hata London, kwenye mtaa wa Wembley, na huko zinauzwa mpaka leo. Hizo ndizo bajia za somo hili.

Unga wa dengu si unga wa kufunika tu. Hauna ule unato wa ngano unaovutika kama mpira, njo maana ganda lake linavunjika mdomoni pahali pa kutafunwa kama ngozi. Ukipika kwa ngano, ganda litakuwa zuri dakika chache tu, kiisha litakuwa gumu na la kuvutika. Tena unga wa dengu unapata rangi ya dhahabu upesi na una harufu yake njema. Lakini ukibaki mbichi una uchungu kidogo, kama maharagwe yasiyoiva. Uchungu huo ni alama: ukiusikia, bajia haijakaa ndani ya mafuta ya kutosha.

2. UNENE WA KIPANDE

Kosa letu la kwanza lilikuwa kisu. Tulikata kama tunavyokata mihogo, karibu milimita 7 au 8. Nilipomwonyesha shangazi kipande kimoja alikishika, akaniangalia, akasema, “Mutoto, hii hapana bajia, hii ni tofali.”

Kipimo kizuri ni milimita 3. Lakini nani anaweza kupima milimita 3 kwa macho, tena kwa kipande kinachoteleza? Nilipata njia ya kimwanafunzi. Kata vipande 10, vipange kimoja juu ya kingine, simamisha rula kando. Vikifika sentimita 3, mkono wako uko sawasawa. Vikifika sentimita 5, punguza. Vikifika sentimita 2 tu, umekata nyembamba mno. Ukishapima mara tatu au nne, mkono unashika wenyewe na rula inarudi katika mfuko.

Kwa nini tusikate nene na kungojea zaidi? Hapa njo mwalimu wa fizike alinisaidia. Joto linaingia katika kiazi polepole, kutoka nje kwenda katikati. Ukiongeza unene mara mbili, muda hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Kipande cha milimita 3 kinaiva kati ya dakika 4 na 5. Kipande cha milimita 7 kinaomba dakika nyingi kuliko ganda linavyoweza kuvumilia. Ganda linakuwa jeusi na moyo wa kiazi bado unalia “kra” ukiuuma. Ukipunguza moto ili ganda lisiungue, basi kiazi kinaiva, lakini ganda linakunywa mafuta muda huo wote, na bajia inakuwa laini na nzito. Sisi tulipita njia hizo mbili zote katika soko moja.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa milima. Hata kama mafuta yana digrii 175, ndani ya kiazi hakuna joto hilo. Wakati kiazi bado kina maji, ndani hakuwezi kupita joto la maji yanayochemka. Mombasa, kando ya bahari, maji yanachemka kwa digrii 100. Butembo, penye karibu mita 1800 juu ya bahari, yanachemka kwa digrii 94 hivi. Ndiyo sababu maharagwe yetu yanakula kuni nyingi, na ndiyo sababu kiazi katika mafuta kinaiva polepole zaidi kuliko pwani. Mtu akikuletea maandishi ya kupika kutoka Mombasa yanayosema milimita 5, huku kwetu usiyafuate. Kata milimita 3, na ukiona moyo haujaiva, ongeza nusu dakika, usiongeze moto.

Usikate nyembamba kupita kiasi pia. Kwenye milimita 1 kiazi chote kinakauka, unauma unga tu. Bajia njema ina sehemu mbili: nje inavunjika, ndani ni kiazi laini chenye mvuke. Ukikosa moja, umekosa zote.

Baada ya kukata, osha vipande katika maji baridi mpaka maji yasiwe meupe tena. Weupe ule ni wanga uliotoka kwenye kisu, nao unashikamanisha vipande na kuunguza upesi. Kiisha uvimwage, uvitandaze juu ya kitambaa safi, uvipanguse pande zote mbili. Usiruke kazi hii. Kipande chenye maji juu yake kinapunguza uzito wa unga, na ganda linavuka likiwa ndani ya mafuta: unaona kiazi uchi upande mmoja na vipande vya unga vinaelea peke yao.

3. UNGA NA VIUNGO

Kwa kilo 1 ya viazi vilivyomenywa na kukatwa, chukua gramu 250 za unga wa dengu. Ongeza vijiko 2 vikubwa vya unga wa mchele, ambao unafanya ganda liwe kavu zaidi. Weka kijiko 1 kidogo na nusu cha chumvi, nusu kijiko kidogo cha manjano, kijiko 1 kidogo cha pilipili ya unga, na kijiko 1 kikubwa cha mbegu za dania zilizopondwa, si kusagwa, ili ziwe kubwa kidogo chini ya meno. Mbegu hizi ndizo zinazotoa ile harufu ya bajia za Nairobi. Ponda punje 4 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kama kidole gumba. Ukiwa na majani ya dania, katakata mkono mmoja, lakini yapanguse kwanza yasiwe na maji.

Chekecha unga kabla ya kuweka maji, kwa sababu unga wa dengu unapenda kufanya madonge. Weka maji baridi kidogo kidogo, kwanza mililita 200, ukikoroga upande mmoja mpaka madonge yaishe, kiisha ongeza polepole mpaka karibu 250. Usimwage yote mara moja, kwani unga mmoja unakunywa kuliko mwingine. Acha upumzike dakika 10 ili unga unywe maji sawasawa.

Namna ya kujua kama uko sawa: chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni mwake. Alama ya kidole ikibaki wazi bila kujifunga, ni vizuri. Ikijifunga mara moja, uji ni mwepesi, ongeza kijiko cha unga. Kama uji hauteremki kabisa kutoka kijikoni, ni mzito, na bajia itakuwa na ganda nene lenye unga mbichi ndani.

Hapa tulifanya kosa la pili. Siku ile ya kwanza tulitumbukiza vipande vyote ndani ya uji tangu asubuhi, tukasema tunajitayarisha vizuri. Chumvi ilikuwa katika uji. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya kiazi, kila mtu aliyetia chumvi juu ya nyanya zilizokatwa amekwisha kuona hayo. Ilipofika saa nane, uji uliokuwa mzito kama asali ulikuwa mwepesi kama maziwa, nasi tukaongeza unga, tukaongeza tena, na chumvi ikapotea. Kanuni ni hii: uji upande mmoja, viazi vikavu upande mwingine, na vikutane tu wakati mafuta yako tayari, vipande 20 kwa mara moja.

Wengine wanatia kidogo cha magadi au baikaboni ili ganda livimbe. Ncha ya kisu inatosha kwa kilo nzima, na mtu anaweza kuiacha kabisa. Ukizidisha, ganda linajaa matundu, matundu yanajaa mafuta, na ladha inakuwa ya sabuni.

4. JOTO LA MAFUTA

Joto linalofaa ni kati ya digrii 170 na 180. Hatuna kipimajoto cha jikoni, lakini uji wenyewe ni kipimajoto. Angusha tone moja dogo katika mafuta na uliangalie.

Likizama chini na kulala huko, na vipovu vichache tu, mafuta bado ni baridi. Likizama, kiisha likapanda juu baada ya kama sekunde mbili, likizungukwa na vipovu vidogo vingi, hapo karanga. Likiruka juu mara moja na kuwa kahawia kabla hujahesabu kumi, mafuta ni moto mno. Yakitoa moshi, umekwisha kupita mpaka: teremsha sufuria chini, ungoje.

Fahamu kinachotendeka. Kipande kikiingia katika mafuta yenye joto, maji ya nje yanageuka mvuke mara moja, na mvuke unatoka kwa nguvu. Vipovu mnavyoviona si mafuta yanayochemka, ni maji yanayokimbia. Mvuke ukitoka kwa nguvu, unasukuma mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa baridi, mvuke ni dhaifu na ganda halijifungi upesi, basi uji unalowa mafuta. Mtu anafikiri kwamba moto mdogo unaokoa mafuta. Ni kinyume: moto mdogo ndio unaoyamaliza.

Kosa letu la tatu lilikuwa haraka. Watu walijipanga, nasi tukajaza karai vipande 50 kwa mara moja ili tusiwachoshe. Vipande 50 baridi vinaiba joto lote la mafuta, vipovu vikanyamaza, na bajia zikashikana kama familia yenye ugomvi. Katika karai yetu yenye lita 3 za mafuta, kiasi chema ni vipande 20. Kila kimoja kiwe na nafasi ya kuogelea. Utie kimoja kimoja, ukikiteleza karibu na mafuta upande ulio mbali nawe, usikitupe kutoka juu. Usiviguse kwa nusu dakika ya kwanza, kwa sababu ganda bado ni laini. Kiisha vigeuze mara moja au mbili.

Kwa mbabula, joto linaongozwa na makala, si kwa kifungo. Tulitenga makala mekundu kando katika beseni la chuma. Mafuta yakipoa, tunaongeza mawili matatu. Yakizidi, tunaondoa, au tunateremsha karai kidogo juu ya mawe matatu. Baada ya kila mzunguko tulingoja mafuta yapande tena, tukajaribu tone kabla ya kuendelea. Tuliokota pia makombo ya unga kwa kijiko cha matundu, kwa sababu makombo yanaungua, yanafanya mafuta meusi, na mafuta meusi yanatia uchungu katika bajia zinazofuata.

Juu ya mafuta yenyewe: mawese mekundu ni mazuri kwa maharagwe na sombe, lakini hapa yanaficha rangi, na huwezi kuona bajia inapofika dhahabu. Tulitumia mafuta meupe ya kukaranga. Mafuta yasipite nusu ya chombo, kwa maana vipovu vinayapandisha. Na mafuta yakishika moto, hapana kutia maji hata tone: maji yatazama, yatageuka mvuke ghafula na kurusha moto mpaka darini. Funika chombo kwa mfuniko, ondoa makala, uache. Nasema hili kama kapita, si kwa kupamba somo.

Utajuaje kwamba imeiva? Tumia masikio kwanza. Mwanzoni sauti ni ya mvua kubwa juu ya mabati. Maji yanapopungua, mvua inapungua, vipovu vinakuwa vichache na vikubwa kidogo. Hapo angalia rangi: dhahabu, si kahawia ya chai. Toa moja, ivunje katikati. Kiazi kiwe laini na chenye mvuke, na ganda litoe sauti.

5. KUZITUNZA ZISILEGEE

Sasa tunafika penye kosa kubwa kuliko yote, lililotupatia lile jina la koti ya mvua. Tulikuwa na bajia chache zilizoiva vizuri, za mzunguko wa kwanza kabisa. Tuliziweka katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko ili zisipoe. Baada ya robo saa, mfuniko ulikuwa na matone ya maji chini yake, na bajia zote zilikuwa laini. Hakuna mtu aliyeweka maji. Yalitoka wapi?

Yalitoka moyoni mwa kiazi. Bajia ikitoka katika mafuta, nje ni kavu na ndani bado kuna maji ya moto. Maji hayo yanaendelea kutoka kama mvuke. Mvuke ukipata njia, unakwenda zake. Ukifungiwa, unageuka maji tena juu ya ganda, na ganda linayanywa. Basi adui wa bajia si baridi, ni mfuniko. Bajia iliyopoa lakini kavu inaweza kuokolewa. Iliyofungiwa ikiwa moto imekwisha kufa.

Kwa hiyo usizilaze juu ya sahani bapa wala usizirundike. Shangazi anatumia kitunga kilichosukwa wazi, kimewekwa juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini. Sisi tulitumia wavu wa chuma juu ya beseni. Zitandaze kwa tabaka moja, na uziache zitiririshe mafuta. Karatasi inafaa chini ya wavu kwa kushika mafuta, lakini bajia ikilala juu ya karatasi, upande wa chini unapata jasho. Weka wavu karibu na mbabula, si juu yake, ili joto kavu lizipitie. Mchuzi usimwage juu, umpe mnunuzi kando. Na ukifunga kwa mtu anayebeba, tumia karatasi iliyo wazi juu, usitumie mfuko wa plastiki.

Hata ukifanya yote haya, bajia inakaza kwa dakika 20 au 30 tu. Asikudanganye mtu kwamba kuna unga unaoishika mpaka kesho. Ukitaka kuuza saa tatu nzima, njia ni kukaranga mara mbili. Mara ya kwanza, kwa joto la chini kidogo, karibu digrii 160, dakika 3 na nusu hivi, mpaka kiazi kiive na ganda lishike, lakini rangi bado ni ya majani makavu. Zitoe, zitandaze zipoe kabisa. Wakati huo mvuke wa ndani unatoka na kwenda. Mnunuzi akifika, zirudishe katika mafuta yenye digrii 180 kwa dakika 1 tu, mpaka ziwe dhahabu. Ganda linakauka mara ya pili, na kwa kuwa ndani hakuna tena mvuke mwingi, linakaa kavu muda mrefu zaidi.

6. SIKU YA SOKO YA PILI

Sasa niwape hesabu ya siku ile, ili anayetaka aifuate. Tulikuwa na kilo 3 za viazi vilivyomenywa, gramu 750 za unga wa dengu na lita 3 za mafuta. Kipande cha milimita 3 cha kiazi cha ukubwa wa kawaida kina uzito wa karibu gramu 6, basi tulipata vipande karibu 500.

Asubuhi saa nne tulianza mzunguko wa kwanza, vipande 20 kwa mara moja, na kila mzunguko ulitumia kama dakika 5 pamoja na kungoja mafuta yapande. Mizunguko 25 ilitushika zaidi ya saa mbili. Hatukuchanganya unga wote mara moja, bali gramu 250 kwa kila kilo, ili uji usikae na kulegea. Wawili walikata na kupangusa, mmoja alichovya, mimi nilikuwa kwa karai, na mmoja alilinda makala. Saa nane tulikuwa sokoni na beseni tatu pana, bajia zimetandazwa chini ya kitambaa chepesi juu ya inzi, hapana mfuniko.

Tuliuza tano tano. Mtu akija tunazirudisha katika mafuta, tunahesabu mpaka sitini, tunampa. Katikati ya mchana mvua ndogo ilianza, tukasogea chini ya baraza, na makala yakapoa. Mwenzangu alitaka kuendelea hivyo hivyo kwa sababu watu walikuwa wanangoja. Nilidondosha tone la uji, likazama na kulala chini. Tukaomba watu radhi, tukangoja karibu dakika 10 makala yashike. Wawili waliondoka. Wengine walibaki, na hawakupewa bajia za mafuta.

Yule mama wa wiki ya kwanza alikuja pia. Alisimama mbali kwanza, akisikiliza watu wanauma. Kiisha akanunua tano, akavunja moja karibu na sikio lake kabla ya kuila, akasema, “Leo imevua koti.” Akaongeza tano za watoto wake.

Saa kumi na moja wavu ulikuwa mtupu. Tulirudisha franka za viazi, za unga na za mafuta, na zilizobaki zilijaza lile pengo. Jina la mwenzetu liliandikwa pamoja na yetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Vipande 10 vilivyopangwa vimefika sentimita 6. Utaona nini ndani ya bajia, na kwa nini kuongeza moto hakusaidii?

2. Tone la uji limepanda baada ya sekunde mbili, lakini baada ya kutia viazi vipovu vimenyamaza. Kosa liko wapi?

3. Bajia zako zilikuwa kavu jikoni, lakini umefika nyumbani na mfuko wenye matone ndani. Maji hayo yametoka wapi?

Anayepata majibu matatu aje jikoni Jumamosi, kisu kipo. Aje na rula yake.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho